Vyeti viwili, neno moja: kutatua makosa ya tafsiri kwenye cheti cha uasili na cheti cha afya ya mimea

Simu hizi hufanana. Chombo kimeshafunga gati Mutsamudu au Moroni, vitunguu viko juani, na mnunuzi amemwambia mwenye mzigo kwamba karatasi hazikubaliki. Mwenye mzigo yuko Mtwara, ananipigia mimi mtafsiri: "Mwalimu, wanasema vyeti vinapingana. Mimi vyote viwili nimevilipia, na vyote vina muhuri. Vinapinganaje?"

Mara nyingi mzigo wenyewe hauna tatizo. Neno moja la Kiswahili limebeba maana mbili, na likapelekwa kwenye karatasi mbili kana kwamba lina maana moja. Nimekusanya hapa malalamiko yanayojirudia kutoka kwa wanaopeleka mazao mabichi Komoro kupitia bandari ya Mtwara, pamoja na wachache wanaovuka Ruvuma kwa Mtambaswala kwenda Msumbiji. Nimeyapanga kwa dalili, kuanzia ile ninayokutana nayo zaidi.

Tuelewane kwanza jambo moja. Cheti chenyewe hakiandikwi upya kwa lugha nyingine na mtafsiri. Kiwango cha kimataifa namba 12 cha Mkataba wa Kimataifa wa Ulinzi wa Mimea, kinachoongoza vyeti vya afya ya mimea, kinaelekeza kwenye lugha rasmi za FAO: Kiarabu, Kichina, Kifaransa, Kihispania, Kiingereza na Kirusi. Vyeti vyetu hutoka kwa Kiingereza. Tafsiri ni karatasi ya pembeni ya kumsaidia mtu asome. Kwa hiyo kosa lina milango miwili ya kuingilia. Wa kwanza ni pale maelezo ya Kiswahili ya mwenye mzigo yanapogeuzwa Kiingereza kwenye fomu ya maombi. Wa pili ni pale Kiingereza cha cheti kinapogeuzwa Kifaransa au Kireno kwa ajili ya mnunuzi. Watu hukimbilia kukagua mlango wa pili, na kosa wakati huo limeshapita kwa wa kwanza.

Ukaguzi wa kwanza, kwa dalili yoyote ile

Tandaza mezani nakala za karatasi nne: cheti cha uasili, cheti cha afya ya mimea, ankara, na orodha ya vifungashio. Tafuta mtu wa pili. Mmoja asome kwa sauti, mwingine afuate kwa kidole: jina la zao, idadi ya vifungashio, uzito, jina la muuzaji, jina la mpokeaji, mahali. Penye tofauti weka alama ya penseli kwenye nakala. Usiiguse asilia. Kiwango namba 12 kinataja wazi kwamba nchi inayopokea inaweza kukikataa cheti chenye taarifa zinazogongana, na vilevile chenye marekebisho au ufutaji usioidhinishwa. Ukikwangua herufi moja kwa wembe umeongeza kosa la pili juu ya la kwanza.

Kazi hii huchukua dakika ishirini, na karibu nusu ya matatizo yaliyoko hapa chini huonekana hapo hapo.

Dalili ya kwanza: "Vyeti vinapingana kuhusu mzigo ulikotoka"

Sababu inayoongoza ni neno asili.

Kwenye cheti cha uasili, asili ni uraia wa bidhaa. Swali linaloulizwa ni la kibiashara na kiforodha: bidhaa hii ni ya nchi gani? Kwa zao la shambani jibu ni jepesi. Zao lililovunwa Tanzania limezalishwa Tanzania kikamilifu, basi. Kuoshwa, kuchambuliwa, kupangwa kwa ukubwa au kutiwa kwenye mifuko mipya hakubadilishi uraia huo. Viazi mviringo vilivyolimwa Malawi vikafungwa Mtwara havigeuki kuwa vya Tanzania kwa sababu ya mfuko.

Kwenye cheti cha afya ya mimea, sanduku linaloitwa `Place of origin` linauliza kitu kingine. Linataka mahali zao lilipopata hali yake ya kiafya, yaani mahali lilipokuwa katika hatari ya kushambuliwa na visumbufu, viumbe vinavyodhuru mimea. Kwa kawaida hapo ni shambani lilikolimwa. Lakini kama zao lilihamishwa, likakaa ghalani na kufungwa upya mahali pengine ambako lingeweza kupata maambukizi, hali yake inaweza kuwa imebadilika huko, na pengine sehemu zaidi ya moja ikahitaji kutajwa. Mwenye kuamua hilo ni ofisi ya afya ya mimea. Mtafsiri haamui, na mwenye mzigo haamui.

Sasa mwulize mfanyabiashara yeyote pale soko kuu, "Asili ya mzigo wako ni wapi?" Atakujibu Mtwara, kwa kuwa ndipo ulipopakiwa. Hajadanganya. Amejibu swali la tatu, ambalo hakuna cheti kilichomwuliza.

Mzigo ulionifundisha hili ulikuwa na mifuko 400 ya vitunguu maji, kila mmoja kilo 20, na makasha 150 ya ndimu, kila moja kilo 10. Jumla kilo 9,500. Vitunguu vilitoka Ruaha Mbuyuni, Iringa. Ndimu zilikusanywa kwa wakulima wadogo upande wa Lindi. Mwenye mzigo aliniletea maelezo kwa Kiswahili, na mstari mmoja ulisema: "Asili ya mzigo: Mtwara." Nikaugeuza kama ulivyo. Cheti cha afya ya mimea kikatoka kikisema Mtwara. Cheti cha uasili kikasema Tanzania. Ankara, ambayo mnunuzi aliitaka itaje ubora wa vitunguu, ikasema Ruaha Mbuyuni, Iringa.

Kwa macho yetu hapakuwa na mgongano, kwa kuwa Mtwara iko Tanzania na Iringa pia. Mkaguzi wa kule aliona kingine: cheti kinasema vitunguu vilikua Mtwara, ankara inasema vilikua Iringa. Kama vilikua Iringa, basi afisa aliyetia saini alithibitisha hali ya mahali pasipohusika. Alikuwa na haki ya kuuliza, na kosa lilikuwa langu kwa kugeuza neno bila kuuliza swali.

Kilichotusaidia ni kwamba ukaguzi ulifanyika kabla ya kupakia, na stakabadhi za lori kutoka Ruaha Mbuyuni zilikuwepo. Cheti cha afya ya mimea hakitakiwi kutolewa baada ya mzigo kuondoka, isipokuwa nchi inayopokea imekubali na ukaguzi ulifanyika kabla ya safari. Tulipeleka stakabadhi kwenye ofisi iliyotoa cheti, tukaeleza pia kwamba vitunguu vilikaa ghalani Mtwara siku nne vikichambuliwa na kufungwa upya. Afisa ndiye aliyeamua sehemu zipi ziandikwe. Cheti cha zamani kikafutwa, kikatolewa kipya. Siku sita zilipita. Vitunguu vilivumilia, ndimu zilikuwa zimeanza kusinyaa na mnunuzi alishusha bei.

Tangu siku hiyo sitafsiri neno asili kutoka kwenye maelezo ya mteja. Namwuliza maswali matatu na kuandika majibu matatu: zao lililimwa wilaya gani, lilifungwa wapi, linapakiwa wapi. Na ninapomwandikia mteja tafsiri ya cheti kwa Kiswahili, sanduku la cheti cha uasili naliita "nchi ya uasili wa bidhaa", na lile la cheti cha afya ya mimea naliita "mahali zao lilikolimwa, au palipotajwa na ofisi". Najua la pili si tafsiri ya neno kwa neno. Lakini linamfanya msomaji ajibu swali lenyewe.

Sababu ya pili, isiyotokea sana, ni kuchanganya mazao ya mikoa miwili kwenye mstari mmoja. Vitunguu vya Iringa na ndimu za Lindi vikiandikwa pamoja, sanduku la mahali hubaki na jina moja na zao moja linakosa kwao. Omba kila zao liwe na mstari wake.

Sababu ya tatu ni fomu isiyo yake. Komoro ni mwanachama wa COMESA, na wanunuzi wa kule huzoea karatasi za jumuiya hiyo, hivyo huomba cheti cha uasili cha COMESA. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000. Hapa tafsiri haisaidii chochote. Mweleze mnunuzi hivyo, na uende ofisi ya TCCIA, chemba yetu ya biashara, viwanda na kilimo, ukaulize ni cheti gani kinafaa kwa safari hiyo.

*Simama hapa:* kama jibu la swali la kwanza ni nchi nyingine, yaani zao lilivuka mpaka kabla ya kufika kwako, acha kutafsiri. Mzigo wa namna hiyo una cheti chake tofauti cha kusafirisha upya, na unahitaji cheti cha nchi ulikotoka. Nenda ofisi ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, kabla hujajaza chochote.

Dalili ya pili: "Zao lililoandikwa silo lililomo kwenye kasha"

Ndimu na limau. Nimeziweka mbele kwa kuwa ndizo zinazonyanyasa watu kuliko zao lingine lolote ninalolijua.

Ndimu yetu ni ile ndogo, mviringo, ya kijani, ngozi nyembamba: `Citrus aurantiifolia`. Limau ni kubwa kidogo, ndefu, yenye chuchu, ya njano ikiiva: `Citrus limon`. Mpwani hazichanganyi. Anayezichanganya ni mtu wa kamusi, kwa kuwa kamusi nyingine huyageuza majina haya, na mtu aliyejifunza Kiingereza darasani huandika ndimu kwa jina la limau. Ukifika kwenye Kifaransa mambo huzidi: limau huitwa `citron`, ndimu `citron vert`, na mtafsiri mwenye haraka huacha lile neno la pili. Kwa wanaovuka Ruvuma, mjue kwamba `limão` ya Kireno cha Ulaya ni limau, lakini Mbrazili akisema neno hilohilo humaanisha ndimu. Nakala ya Kireno uliyoitoa mtandaoni inaweza kuwa imeandikwa kwa mazoea ya Brazili.

Wengi husema namba ya ushuru itaokoa. Kwa vitunguu ni kweli: vitunguu maji viko 0703.10, vitunguu saumu 0703.20, kwa hiyo namba itafichua kosa. Kwa ndimu na limau haifichui, maana zote mbili ziko 0805.50. Hapo kinga pekee ni jina la kisayansi kwenye cheti cha afya ya mimea. Kiwango namba 12 kinataka jina hilo angalau kwa ngazi ya jenasi, na ikiwezekana spishi. Usikubali `Citrus` peke yake. Afisa anaweza kuiandika na isiwe kosa kisheria, lakini inakuachia mlango wazi. Omba spishi iandikwe.

Ukaguzi ni huu: chukua jina la kisayansi kama nanga. Halitafsiriwi, halibadiliki kati ya Mtwara na Moroni. Lianze kwenye maombi, kisha kila jina la kawaida, la Kiswahili, Kiingereza au Kifaransa, lifungwe humo. Ukiona jina la kawaida haliendani na la kisayansi, kosa ni la jina la kawaida hadi ithibitike vingine. Na uthibitisho ni kufungua kasha na kutazama tunda.

Sababu ya pili ya dalili hii ni majina yetu mafupi. Mkulima anasema "vitunguu" na "viazi", na kwake yanatosha. Viazi mviringo ni `Solanum tuberosum`, viazi vitamu ni `Ipomoea batatas`, na masharti ya kuviingiza nchi nyingine hayafanani hata kidogo. Usipokee neno viazi kwa simu. Uliza: vya mviringo au vitamu?

*Simama hapa:* kama cheti kimeshatoka na jina la kisayansi ndilo lenye kosa, hakuna karatasi ya maelezo utakayoambatisha ikasaidia. Cheti kinazungumzia mmea mwingine. Kirudishe ofisini.

Dalili ya tatu: "Tafsiri yako iliniahidi kisichokuwamo"

Hii huja kutoka kwa mnunuzi baada ya kukuta mdudu mmoja kwenye kasha. Anatoa tafsiri, anasoma: "mzigo hauna wadudu kabisa." Anadai fidia.

Tatizo liko kwenye maneno mawili. La kwanza ni wadudu. Neno linalotumika kwenye cheti ni pana kuliko mdudu: linajumuisha kuvu, bakteria, virusi, minyoo ya mizizi na hata magugu, ilimradi kinadhuru mimea. Kiswahili cha maofisa wetu kina neno zuri, visumbufu, na ndilo la kutumia. Ukiandika wadudu umepunguza upande mmoja, maana ugonjwa wa kuvu haumo, na umezidisha upande mwingine, maana nyuki aliyetua kwenye kasha naye kahesabiwa.

La pili ni huru, au "hauna". Kamusi ya istilahi za mkataba, yaani kiwango namba 5, inafafanua kuwa mzigo "hauna" kisumbufu pale kisipokuwepo kwa idadi inayoweza kugunduliwa kwa taratibu za ukaguzi. Haikusema hakipo kabisa. Cheti kina sentensi kuu inayosema mzigo umekaguliwa au kupimwa kwa taratibu rasmi na unachukuliwa kuwa hauna visumbufu vya karantini vilivyotajwa na nchi inayopokea. Kila neno hapo lina kazi yake: umekaguliwa, unachukuliwa, vilivyotajwa. Mtafsiri akiondoa "unachukuliwa kuwa" kwa sababu sentensi inasomeka vizuri bila hilo, amegeuza matokeo ya ukaguzi kuwa dhamana.

Baadhi ya vyeti huongeza sentensi ya hiari yenye maneno `practically free` kuhusu visumbufu vingine, visivyo vya karantini. Watu huyatafsiri "hauna kabisa" au "karibu hauna". Yote mawili si sawa. Maana yake kwenye kamusi ya mkataba ni kwamba visumbufu havizidi kiasi kinachotarajiwa pale zao lilipolimwa na kushughulikiwa vizuri. Mimi huandika "hauna visumbufu vingine kupita kiasi cha kawaida cha zao lililotunzwa vizuri". Ni ndefu, lakini haijaahidi uongo.

Nakala ninayowapa wateja wangu, ambayo unaweza kuichukua, inasomeka hivi: "Inathibitishwa kuwa mimea, mazao ya mimea au vitu vingine vinavyodhibitiwa vilivyoelezwa hapa vimekaguliwa na/au kupimwa kwa taratibu rasmi zinazofaa, na vinachukuliwa kuwa havina visumbufu vya karantini vilivyotajwa na nchi inayopokea, na kwamba vinakidhi masharti ya sasa ya afya ya mimea ya nchi hiyo, yakiwemo yale ya visumbufu visivyo vya karantini vinavyodhibitiwa." Alama ya na/au ibaki. Ukiandika "na kupimwa" umesema kulikuwa na maabara, na pengine hapakuwa nayo.

Kuna sababu ya ndani zaidi ya dalili hii, na ndiyo yenye hatari: tamko la ziada. Nchi inayopokea huweza kutaka afisa aongeze sentensi maalumu kwenye sanduku la `Additional declaration`. Sharti hilo hufika kwetu kwenye kibali cha kuingiza, kwa Kifaransa, kupitia mnunuzi, mara nyingi kama picha ya simu. Mtafsiri wa Mtwara ndiye anayemwambia afisa kibali kinataka nini. Hapa ndipo kazi yetu ina uzito kuliko kwenye cheti chenyewe.

Chukua maembe. Kibali kinaweza kutaka yatoke kwenye eneo lisilo na nzi fulani wa matunda, au mahali pa uzalishaji pasipo naye, au sehemu ya uzalishaji isiyo naye. Kwa Kiswahili cha haraka zote zinaitwa eneo. Kwenye viwango vya kimataifa ni ngazi tatu tofauti. Eneo linaweza kuwa wilaya au nchi nzima. Mahali pa uzalishaji ni shamba linaloendeshwa kama kitu kimoja. Sehemu ya uzalishaji ni kipande ndani ya shamba kinachosimamiwa peke yake. Nzi wa matunda `Bactrocera dorsalis` yupo Tanzania, kwa hiyo tamko kwamba eneo zima halina nzi huyo si kitu cha kuombwa kwa wepesi. Nimewahi kuona ombi lililosema "eneo" ilhali kibali kilisema shamba. Afisa alikataa, na alikuwa sahihi kukataa alichoombwa. Mwenye maembe alidhani ananyanyaswa, kumbe tafsiri ndiyo iliyomwombea kisichowezekana.

Kwa hiyo: tafsiri sharti neno kwa neno, ambatisha picha ya kibali inayosomeka, na piga mstari chini ya sharti lenyewe ili afisa alinganishe. Kama picha ni ya ukungu, usikisie. Mwombe mnunuzi aipige upya mchana, karatasi ikiwa imelala mezani.

*Simama hapa:* ukikuta kisumbufu hai kwenye mzigo kabla haujaondoka, tafsiri imekwisha kazi. Mwite mkaguzi. Na kama mnunuzi ameshafika kwenye kudai fidia kwa msingi wa tafsiri, tafuta wakili. Usimwandikie barua ya kufafanua ulichomaanisha.

Dalili ya nne: "Jina la mwenye mzigo si lake"

Neno msafirishaji. Kwa mtu wa serikalini, msafirishaji ni anayeuza bidhaa nje. Kwa mtu wa bandarini, msafirishaji ni mwenye lori au mwenye chombo. Fomu ikitafsiriwa "jina la msafirishaji", kijana wa ofisi huandika jina la nahodha au la kampuni ya chombo, na cheti kinatoka kwa jina la mtu asiyemiliki hata kitunguu kimoja. Cheti cha uasili hapo hapo kimeandikwa jina la mfanyabiashara, kwa kuwa alikiomba mwenyewe.

Tumia "muuzaji nje" kwa mwenye mzigo, "mchukuzi" kwa mwenye chombo, na "mpokeaji" kwa wa kule. Jina la muuzaji nje liandikwe kama lilivyo kwenye usajili wa biashara, herufi kwa herufi, kwenye karatasi zote nne. Usitafsiri jina la biashara. "Mkulima Bora" haligeuzwi Kifaransa.

Kuna wengine hujiuliza kwa nini baadhi ya masanduku, kama la mpokeaji na la bandari ya kuingilia, yana neno la kuonyesha kwamba taarifa imetajwa na mwombaji. Litafsiri: "kama ilivyotajwa". Linamaanisha afisa ameandika ulichomwambia na hajaenda Moroni kuthibitisha. Wengi huliruka kwa kudhani ni pambo.

Dalili ya tano: "Nimekuomba cheti cha afya, umeniletea kingine"

Sisi hufupisha. Cheti cha afya ya mimea kinakuwa "cheti cha afya", na mtafsiri anakigeuza kwa Kifaransa `certificat sanitaire`. Hiyo ni karatasi nyingine, ya usalama wa chakula au ya mazao ya wanyama. Cha mimea ni `certificat phytosanitaire`. Kwenye barua pepe na ankara andika jina zima kila mara, hata kama linachosha.

Kosa hili lina upande wa pili. Mnunuzi anayetaka uthibitisho kwamba chakula ni salama kuliwa, au kwamba mabaki ya viuatilifu hayazidi kiwango, huomba sentensi hiyo iongezwe kwenye cheti cha afya ya mimea. Wengine huomba hata namba ya barua ya mkopo ya benki. Cheti hiki hakibebi mambo hayo; kiwango namba 12 kinayaondoa yote, afya ya binadamu, mabaki ya viuatilifu na taarifa za kibiashara. Usimtafsirie afisa ombi hilo kana kwamba ni sharti la nchi. Mrudie mnunuzi umwulize ni karatasi gani hasa forodha ya kwao inaitaka, kisha umwulize wakala wako wa forodha nani anaitoa hapa.

Madogo yanayozuia mzigo mkubwa

Uzito halisi ni wa zao peke yake. Uzito wa jumla una mifuko na makasha ndani yake. Cheti kimoja kikiwa na huu na kingine na ule, vinapingana. Andika kila mara ni uzito upi.

Gunia, kreti na tenga si vipimo. Ziandike kama aina ya kifungashio, na kilo zisimame peke yake.

Sanduku lisilo na taarifa lisiachwe wazi. Kwenye cheti cha afya ya mimea huandikwa neno la kuonyesha hakuna, au hupigwa mstari, ili mtu asiongeze kitu baadaye. Kwenye tafsiri andika "Hakuna". Nimeona mtafsiri akiruka sanduku la matibabu ya mzigo kwa kuwa lilikuwa na mstari tu, na msomaji akadhani ukurasa umepotea.

Kama mzigo ulifukizwa, dawa, kipimo, joto na muda vinakiliwe kwa tarakimu zilezile. Kuwa mwangalifu na saa: "saa 4" kwa msomaji wetu inaweza kuwa muda wa saa nne au saa nne asubuhi. Andika "kwa muda wa saa 4".

Tarehe ziandikwe mwezi kwa herufi.

Na juu ya kila ukurasa wa tafsiri andika kwamba ni tafsiri ya kusaidia kusoma, taja namba ya cheti asilia, na weka jina lako. Usiweke nembo ya taifa, usinakili muhuri, usiige saini. Mahali pake andika "muhuri" na "saini" kwenye mabano. Nchi inayopokea ikitaka tafsiri iliyoapiwa, hii ya kwetu haitoshi, na mnunuzi atafute mtafsiri anayetambuliwa na mahakama ya kwao, amtumie nakala ya cheti moja kwa moja badala ya kutafsiri tafsiri yako.